Siku Tatu za Mwezi wa Sita

Pale kiwandani wananiita Mama Makato. Hawaniiti hivyo mbele ya uso wangu, ila ukuta wa ofisi yangu ni wa mbao nyembamba na upande wa pili kuna chumba cha kubadilishia nguo, kwa hiyo nasikia yote. "Mama Makato leo kanuna." "Nenda kamuulize Mama Makato kama una ubavu." Sijali. Nimeandaa mishahara ya kiwanda hiki cha maziwa kwa miaka ishirini na mmoja, kuanzia ya wanaoosha makopo mpaka ya meneja, na haijachelewa hata siku moja. Anayetaka kupendwa akauze pipi.

Kosa ninalotaka kulisimulia ni langu. Nalisema mapema ili mtu asidhani natafuta wa kumbebesha.

Katikati ya mwaka tulimwajiri fundi wa mashine za kufungasha kutoka nchi jirani. Ile mashine inayojaza pakiti za nusu lita ilikuwa imetushinda. Kila wiki inachana plastiki na kumwaga maziwa sakafuni, na mafundi wetu wanaizunguka wakiipigapiga kama redio mbovu. Huyu bwana alikuja, akaisikiliza asubuhi nzima, akabadilisha kitu kidogo kama pete, ikatulia. Kuanzia hapo watu wakamwita Jirani, na jina likamganda. Ni mtu mpole, wa miaka thelathini na kitu, anavua buti zake nyeupe mlangoni kwangu kabla ya kuingia. Hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Jirani alikuwa mgeni wa kwanza kuingia kwenye orodha yangu ya mishahara. Wageni waliomtangulia walilipwa na kampuni zao huko huko walikotoka, sisi tulikuwa tunawapa chai tu. Ikabidi nifungue kitabu cha kodi sura ambayo sikuwahi kuihitaji. Kwa kifupi kinasema hivi: mgeni ambaye si mkaazi anakatwa asilimia thelathini ya mshahara wote, moja kwa moja, bila nafuu yoyote. Aliye mkaazi anakatwa kama sisi wengine, kwa ngazi, sehemu ya kwanza ya mshahara haiguswi na zinazofuata zinapanda taratibu. Na ili mtu ahesabiwe mkaazi katika mwaka wake wa kwanza, lazima awe amekaa nchini siku mia na themanini na tatu au zaidi ndani ya mwaka wa kodi, ambao kwetu unaanza Januari na kuisha Desemba. Akizifikisha, anahesabiwa mkaazi kwa mwaka huo wote, na kodi yake inapigwa upya tangu mshahara wa kwanza.

Kwenye mfumo wa mishahara kuna kisanduku kimeandikwa "Tarehe ya kuanza ukaazi". Nikakijaza: tarehe moja, mwezi wa saba. Ndiyo tarehe iliyokuwa kwenye mkataba wake. Ukweli ni kwamba hata kama mkataba ungesema vingine, mkono wangu ungeandika hivyo hivyo. Kwa mtu wa mishahara kila kitu kinaanza tarehe moja. Kwa miaka ishirini na mmoja nimewaanzisha watu kazi tarehe moja, nimewapandisha vyeo tarehe moja, nimewastaafisha wakaondoka siku moja kabla ya tarehe moja. Mume wangu hunitania kwamba hata ugomvi nyumbani nauahirisha mpaka mwezi uanze.

Kuanzia tarehe hiyo mpaka mwisho wa Desemba ni siku mia na themanini na nne. Alikuwa anapita kwa siku moja tu. Kwa kuwa siku zenyewe zilikuwa bado hazijatimia, nikawa namkata ile thelathini, nikisubiri. Mwezi wa kumi mama yake mzazi akafariki. Fomu ya ruhusa ikaja mezani kwangu: siku tano, tarehe kumi mpaka kumi na nne. Nikampa pole, nikatoa tano kwenye mia na themanini na nne, nikabaki na mia na sabini na tisa. Hafiki. Siku aliporudi nilimwita nikamwambia wazi kwamba mwaka huu yeye si mkaazi, atakatwa thelathini mpaka mwisho, asihangaike kuniuliza kila mwezi. Akasema, "Sawa, mama." Nikafunga jalada.

Tarehe kumi na tano Desemba alisimama mlangoni kwangu na soksi zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Jirani. Ingia, funga mlango, upande wa pili wana masikio."

Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alitaka cheti cha kodi aliyokatwa. Nikamwambia vyeti vinatoka mwaka ukishafungwa, hilo kila mtu analijua. Akasema anajua, ila alitaka walau kuona hesabu, apate kujua amekosa kwa kiasi gani.

"Umekosa nini?"

Hapo ndipo akanieleza, na mimi nilikuwa sijawahi kuuliza. Ana binti wa miaka tisa. Mama wa mtoto hayupo tena duniani, na mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake, yule waliyemzika Oktoba. Tangu msiba yuko kwa shangazi yake, lakini shangazi amepata kazi ya kulala huko huko na anaondoka mwezi wa kwanza. Jirani alikwenda uhamiaji kuomba kibali cha mwanawe kuja kuishi naye. Wakamwambia mshahara unaobaki mkononi baada ya makato lazima ufike kiwango fulani. Wake, ukishakatwa thelathini, unapungua kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

Akanitajia. Nikaona haya kwa niaba ya serikali. Ilikuwa bei ya jozi moja ya viatu.

"Ningekuwa nakatwa kama wengine ningepita," akasema. "Shule ya hapa imenishikia nafasi yake mpaka tarehe kumi Januari. Sasa nimeshakata tiketi, naondoka tarehe ishirini na saba. Nakwenda kumpeleka shule ya bweni huko nyumbani. Sina namna." Akainuka kitini. "Ila mama, naomba niulize. Hiyo tarehe moja ilitoka wapi? Mimi hapa niliingia tarehe ishirini na nane mwezi wa sita."

"Kazi ulianza lini?"

"Tarehe moja."

"Basi."

"Sawa, mama," akasema tena. Akatoka, akavaa buti zake, nikamsikia akienda zake kwenye korido.

Ile "sawa" yake ilinikera. Mtu akinibishia najua la kufanya, namtolea karatasi moja baada ya nyingine mpaka achoke. Huyu alikuwa amekubali tu. Nikajitia kazini, lakini kila nikiandika tarehe naona soksi zake. Mwisho nikachukua kitabu cha kodi nikasoma ile sura upya, safari hii bila haraka. Hakuna mahali palipoandikwa "kuanza kazi". Kimeandikwa "kuwepo nchini". Nilisoma mara ya pili na uso ukanishuka peke yangu ofisini.

Jioni wakati natoka nilisimama getini. Mlinzi wetu ni dada mmoja mkali kuliko mimi. Ana daftari la wageni ambalo halikosi mtu, meneja mwenyewe aliwahi kuandikwa humo siku aliposahau kitambulisho.

"Dada, nionyeshe mwezi wa sita, mwishoni."

"Kuna mwizi?"

"Hakuna mwizi. Jirani alifika lini?"

Hakuhitaji hata daftari. "Yule? Alikuja na sanduku lenye gurudumu moja, la pili limevunjikia njiani. Nikamwambia jina lako liko kwenye orodha ya tarehe moja, leo huingii. Akabaki kasimama hapo kama mzigo uliosahaulika. Mwisho nikamwonea huruma, nikampa simu yangu awapigie kwao kwamba amefika. Akaongea na mtoto. Salio langu lote likaisha." Akafunua kurasa, akagonga mstari kwa kidole. Tarehe ishirini na nane, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Kwenye safu ya sababu alikuwa ameandika: "Kawahi."

Asubuhi yake nikamvamia Afisa Utumishi, yule kaka anayetunza majalada ya wafanyakazi wote na hapendi kusumbuliwa kabla ya saa nne. Nikamwambia anitolee nakala ya pasipoti ya Jirani. Alikuwa na ukurasa wa picha na ukurasa wa kibali cha kazi, basi. Tukamwita Jirani alete pasipoti yenyewe. Tukaifunua. Muhuri wa mpakani ulikuwepo, lakini waliobandika kibali cha kazi walikibandika juu yake. Ulionekana nusu duara tu na herufi mbili.

"Tukikibandua?" akauliza Afisa Utumishi.

"Ukikibandua utamlipia wewe kibali kingine, kaka. Uhamiaji wana kumbukumbu zao. Andika barua, kiwanda kinaomba rekodi ya mfanyakazi wake ya kuingia na kutoka. Jirani aweke sahihi ya ridhaa. Nitaipeleka mwenyewe."

"Wewe mwenyewe? Foleni ya kule?"

"Andika."

Sikuwaambia kwa nini naenda mwenyewe. Pia sikumwambia Jirani nimeona nini kwenye kitabu. Nilimwambia tu nahakikisha tarehe kabla ya kufunga mwaka. Sikutaka kumpa tumaini halafu nije nimnyang'anye.

Uhamiaji walinipangia tarehe ishirini. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la chuma tangu saa mbili hadi saa saba, katikati ya watu waliobeba bahasha za kaki kama yangu. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu. Ameingia, tarehe ishirini na nane Juni. Ametoka, tarehe kumi Oktoba. Ameingia, tarehe kumi na nne Oktoba. Muhuri na namba ya kumbukumbu chini yake.

Nilishindwa kusubiri kufika ofisini. Nilihesabu pale pale kwenye ngazi za jengo lao. Mia na themanini na nne, ongeza siku tatu za Juni, mia na themanini na saba. Toa tano za msiba.

Mia na themanini na mbili.

Nikahesabu tena kwa vidole, mwezi mmoja mmoja. Nikahesabu kwa simu. Mia na themanini na mbili. Siku moja! Nilikuwa nimetumia siku nzima ya kazi kuthibitisha kwamba nilikosea, na kosa lenyewe halikumsaidia mtu kitu. Usiku ule sikula vizuri. Mume wangu aliponiuliza kulikoni nilimjibu vibaya, naye akasema, "Kumbe leo si tarehe moja," akaniacha.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kodi, dawati la waajiri. Nilijua jibu, lakini nilitaka aliyepewa mamlaka ndiye alitamke, ili nikimwambia Jirani niseme nimeambiwa. Nilimkuta kijana mmoja aliyenyoa vizuri, ana kalamu tatu mfukoni. Nikamwekea karatasi ya uhamiaji mbele.

"Nataka unithibitishie mambo mawili. Tarehe ya kuanza ukaazi wa huyu mtu, na kodi aliyokatwa."

Akaangalia. "Mkataba ulianza lini?"

"Tarehe moja Julai."

"Haituhusu. Alikuwepo nchini tangu tarehe ishirini na nane Juni, ukaazi unahesabiwa toka hapo. Hata angekuwa amelala gesti siku zote tatu." Akavuta kikokotoo. "Amefikisha?"

"Hajafikisha. Amepungukiwa siku moja. Mia na themanini na mbili mpaka mwisho wa mwezi."

Akaandika namba zake, akakunja uso. "Mbona mimi napata mia na themanini na nne?"

"Alikuwa nje siku tano. Nina fomu ya ruhusa."

"Fomu ya ruhusa ni ya kwenu, mama, ya kazini. Sisi tunahesabu kuwepo. Tarehe kumi alikuwa nchini asubuhi, akatoka. Hiyo ni siku ya kuwepo. Tarehe kumi na nne aliingia. Nayo ni siku ya kuwepo. Siku ya kutoka na siku ya kuingia zote ni zake. Alizokosa kabisa ni kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu." Akanigeuzia karatasi. "Tatu, si tano."

Nikaivuta karatasi nikaisoma tena. Yule kijana akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya polepole kama mtu anayeongea na mama yake kuhusu simu.

"Nimeelewa," nikamkatiza. "Nimeelewa, baba. Sasa kodi niliyomkata zaidi?"

"Mwaka bado haujafungwa. Mpigie hesabu upya kwa ngazi za mkaazi tangu Julai, kilichozidi mrudishie kwenye mshahara wa Desemba, na nyie mpunguze kwenye kodi mnayotuletea ya mwezi huo. Ukishatuma taarifa ya mwaka, huwezi tena. Itabidi adai mwenyewe kwetu, na hapo, mama, nisikudanganye, ni miezi." Akainua kalamu. "Lakini angalia. Leo ni tarehe ishirini na moja. Siku ya mia na themanini na tatu ni tarehe thelathini. Kabla ya hapo si mkaazi bado. Hana safari?"

Tiketi ya tarehe ishirini na saba.

"Akiondoka ishirini na saba?"

"Anaishia mia na themanini. Basi tena."

Sikumbuki kama niliaga. Nilikwenda moja kwa moja kiwandani, nikavaa kofia ya wavu na koti jeupe wanalotulazimisha, nikaingia ukumbi wa kufungasha ambako sijakanyaga miaka minne. Kelele tupu. Jirani alikuwa amechuchumaa chini ya mashine. Nikamgusa bega, tukatoka hadi kwenye mlango wa chumba cha baridi ambako walau mtu anasikika.

Nilimweleza yote, kuanzia kisanduku changu. Nilipofika kwenye mia na themanini na nne alikaa juu ya kreti, akavua kofia, akaifinyanga mikononi.

"Kwa hiyo anakuja," akasema.

"Anakuja, ukifuata nitakalokwambia. Tarehe thelathini lazima uwe bado unahesabika hapa. Siku ya kutoka inahesabiwa, kwa hiyo unaweza kupanda basi la tarehe thelathini alfajiri. Si kabla."

Alifurahi, nilimwona akifurahi, kisha furaha ikaanza kumtoka usoni. Alinieleza kwa sauti ya chini. Alimwahidi mtoto kwamba mwezi wa nane angekwenda kumwona, mashine ikaharibika, hakwenda. Msibani alimwahidi kwamba safari ijayo atakaa naye. Halafu tarehe ishirini na saba ameitaja kwenye simu kila jioni kwa wiki mbili. "Mara ya mwisho nilipobadilisha tarehe hakulia, mama. Alisema tu sawa. Afadhali angelia."

Nilijua sawa hiyo. Nilikuwa nimeisikia mara mbili ofisini kwangu.

"Siwezi kumpigia tena kumwambia si tarehe ile," akasema.

"Basi nitampigia mimi. Kosa ni langu."

Alinitazama. Wale vijana wawili waliokuwa wakisukuma toroli la pakiti nao walinitazama. Najua ilifika chumba cha nguo kabla sijafika ofisini, kwamba Mama Makato amesema kosa ni lake.

Tulipiga siku iliyofuata, tarehe ishirini na mbili, saa ya chakula cha mchana. Jirani aliweka simu juu ya meza yangu, kipaza sauti kimefunguliwa. Mimi nilikuwa na daftari langu wazi, ambalo nilikuwa nimepanga siku zote upya, moja moja, kila tarehe na namba yake. Sijui kwa nini nililifungua. Nadhani nilitaka kitu cha kushika.

Shangazi aliitika, akampa mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nafanya kazi na baba yako. Mimi ndiye ninayepanga mishahara." Sauti yangu ilikuwa rasmi mno, nikajikohoza. "Nimekupigia kukwambia kwamba baba haji tarehe ishirini na saba. Anakuja tarehe thelathini. Si yeye aliyebadilisha. Ni mimi nilikosea kuandika siku aliyofika hapa, na pia siku alizokuja huko kwenu msibani. Akisubiri hadi tarehe thelathini atapata karatasi ya kumwezesha akuchukue uje kuishi naye. Akija kabla ya hapo, hapati."

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kuishi, au kutembea?" akauliza mtoto.

"Kuishi. Na shule."

Akasema, kama anayeongea na nafsi yake, "Leo ni ya mia na sabini na tano."

"Nini ya mia na sabini na tano?"

"Siku."

Nilishusha macho kwenye daftari. Tarehe ishirini na mbili Desemba. Pembeni yake, kwa mkono wangu mwenyewe, mia na sabini na tano.

"Umehesabuje, mwanangu?"

"Nachora mistari nyuma ya mlango. Siku ambayo baba hayupo nachora mmoja."

"Ulianza lini?"

"Siku aliyopiga kwa simu ya yule dada wa getini. Aliondoka jana yake jioni, nilimsindikiza, ile sikuchora."

Nikafunua daftari nyuma. "Na mwezi wa kumi? Alipokuja kwenye msiba wa bibi?"

"Siku tatu sikuchora. Alikuwepo."

"Hazikuwa tano?"

"Hapana," akasema, kwa subira, kama yule kijana wa kodi. "Siku aliyokuja alifika usiku nimelala, kwa hiyo ile nilichora. Na siku aliyoondoka aliondoka sijaamka. Nayo nikachora."

Nilijaribu kumwangalia Jirani nikashindwa, nikaangalia ukuta. Nilikuwa nimesoma kitabu cha kodi mara tatu. Nilikaa uhamiaji saa tano juu ya benchi la chuma. Nilikosea mwezi wa saba, nikakosea mwezi wa kumi, nikakosea kwenye ngazi za uhamiaji, na muda wote hesabu sahihi ilikuwa imechorwa nyuma ya mlango na mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza. Machozi yalinitoka, nasema kweli, na upande wa pili wa mbao hapakusikika hata anayefunga kabati.

"Mama?" akaita mtoto. "Upo?"

"Nipo."

"Tarehe thelathini naichora? Atafika usiku."

"Ichore," nikasema. "Itakuwa ya mia na themanini na tatu."

"Halafu naacha?"

"Halafu unaacha, mwanangu."

Alipanda basi tarehe thelathini saa kumi alfajiri. Mimi nilikwenda ofisini tarehe thelathini na moja, kiwanda kikiwa nusu kimya, nikaifungua mishahara ya Desemba kwa ajili ya mtu mmoja. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kuanza ukaazi nilifuta tarehe moja nikaandika ishirini na nane Juni. Nikapiga kodi yake upya toka mshahara wa kwanza, nikarudisha iliyozidi, nikachapa karatasi ya mshahara unaobaki mkononi, ya kupeleka uhamiaji. Mfumo uliniuliza chanzo cha taarifa, nikaujazia namba ya ile barua yenye muhuri. Kwenye nakala ninayobaki nayo jaladani niliongeza mstari mmoja chini kwa penseli: "Imehakikiwa na binti yake."